Soda Mkononi, Pamba Kiwikoni: Maneno ya Chini ya Picha ya Mchangiaji Damu

Imekuwa ada katika vyuo vikuu vya Kenya kwamba siku ya kuchangia damu huishia kwenye picha. Hema hupigwa kando ya ukumbi, vitanda vya kukunjwa hupangwa, wanafunzi husimama foleni, na baada ya muda usiozidi saa moja mmoja wao hutoka akiwa na pamba iliyobandikwa plasta kwenye kiwiko, soda katika mkono wa pili, na uso wa mtu aliyepita mtihani asiousomea. Picha hiyo huwa nzuri. Matatizo huanza pale kidole kinapoanza kuandika maneno ya chini yake. Kijana ambaye dakika 10 tu zilizopita alikuwa akitaniana na muuguzi hugeuka ghafla akawa mhubiri, na rafiki zake wakawa umati uliokosa.

Makala haya yanashikilia kwamba aghalabu mgeuko huo hautokani na kiburi. Unatokana na sarufi. Kiswahili kina njeo, dhamira na vitenzi ambavyo humkaripia msomaji hata pale mwandishi asipokusudia, na kina vingine ambavyo humwachia mlango wazi bila kumsukuma. Mwandishi wa maelezo ya picha ana sentensi 4 au 5 pekee za kufanyia kazi. Kiambishi kimoja kikikosewa, hana ukurasa wa pili wa kujirekebisha.

Hata istilahi ya mitandao ya kijamii imechangia balaa hili. Wale wanaoitazama picha wanaitwa wafuasi, neno ambalo Kiswahili kililitumia kwa muda mrefu kwa watu wa mitume, wa masheha na wa wanasiasa. Mtu akishaambiwa kwamba ana wafuasi 300, yamkini ataona haya kuwapa kichekesho, atatafuta mawaidha. Ilhali wafuasi wenyewe ni binamu, ni mwenzake wa bwenini, ni mwalimu wake wa zamani wa shule ya upili na ni shangazi aliyefungua akaunti ili aone picha za harusi.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa kike wa mwaka wa 2 aliyetoka kuchangia damu kwa mara ya kwanza. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, amekunja mkono, ameshika chupa ya soda ya nusu lita. Picha imepigwa. Rasimu yake ya kwanza inasoma hivi: "Leo nimeokoa maisha ya watu 3! Kutoa ni moyo. Je, wewe hujachangia bado? Unangoja nini? Jitokezeni, changieni damu, okoeni maisha!" Hakuna tusi hapo, na kila neno amewahi kulisoma mahali fulani. Hata hivyo, anayelisoma akiwa kwenye matatu, amechoka, anahisi ameitwa ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu. Inafaa sentensi hizo zipitiwe moja moja.

Ya kwanza ina kosa la njeo. Kiambishi -me- humaanisha kwamba tendo limetimia na matokeo yake yapo. "Nimefunga mlango" maana yake mlango umefungwa. Basi "nimeokoa maisha" hudai kwamba kuna mtu, sasa hivi, aliyetoka hatarini kwa sababu ya mfuko huu. Wakati picha inapigwa, mfuko wenyewe ungali ndani ya sanduku la baridi kando ya hema. Una takriban mililita 450 za damu, na vijichupa vidogo vya sampuli vilivyojazwa pamoja nao bado havijafika maabara. Huko ndiko kutakakopimwa kundi la damu, na ndiko kutakakotafutwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya aina ya B na ya C, na kaswende. Kipimo kimoja kikionyesha dalili, mfuko hutupwa. Ukipita, huenda ukatenganishwa: chembe nyekundu huwekwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 6 na hudumu wiki 5 au 6 kutegemea dawa iliyomo ndani ya mfuko, chembe sahani hukaa kwenye joto la kawaida la chumba zikitikiswatikiswa na kwa kawaida huisha muda wake baada ya siku 5, utegili hugandishwa na kuweza kungoja hata mwaka mzima. Hapo ndipo ile hesabu ya watu 3 inapotoka. Ni hesabu ya uwezekano, nayo hutegemea mfuko utenganishwe na kila sehemu impate mwenye kuihitaji kabla haijaharibika. Mfuko ukitumiwa mzima kwa mama mmoja aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hesabu ni mtu 1, na hakuna aliyepunjwa.

Je, mchangiaji aandike maelezo hayo yote chini ya picha yake? Hasha. Akiyajua, atachagua njeo kwa uangalifu. "Nimechangia" ni kweli tupu. "Huenda ikamfaa mtu" ni kweli pia, na ina unyenyekevu ambao hauhitaji kutangazwa. Fauka ya hayo, madai makubwa humdogosha msomaji bila kukusudia: aliyeokoa watu 3 kabla ya chakula cha mchana anamwacha mwenzake, ambaye asubuhi yote alikuwa akifua nguo, bila la kusema.

Sentensi ya pili, "Kutoa ni moyo", ni nusu ya methali, na watu wote wanaijua nusu iliyobaki: usambe ni utajiri. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya mali. Inamsuta tajiri mchoyo na kumtukuza maskini mkarimu. Ikihamishiwa kwenye damu inapotoka, kwa kuwa damu ina masharti ambayo moyo hauwezi kuyashinda. Nchini Kenya mchangiaji hutakiwa awe na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito wa angalau kilo 50, na himoglobini isiyopungua gramu 12.5 kwa kila desilita. Msichana wa kilo 46 ana moyo. Asichokuwa nacho ni kilo 4. Mama anayenyonyesha ana moyo. Mwenye selimundu ana moyo, na pengine yeye ndiye anayeitegemea damu ya wengine. Methali ikiwekwa chini ya picha, hawa wote wanawekwa upande wa wachoyo.

Sentensi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na uzito wake wote umebebwa na silabi moja. Kiswahili kina njia mbili za kukanusha lililopita: "hukuchangia" na "hujachangia". Ya kwanza hutoa habari tu. Ya pili, yenye -ja-, hubeba matarajio: tendo lilipaswa kufanyika, muda wake umefika, na bado. Mzazi humwuliza mtoto, "Hujaoga?" Mwenye nyumba humwuliza mpangaji, "Hujalipa?" Hakuna anayemwuliza mgeni barabarani, "Hujalipa kodi?" isipokuwa anamdai. Kwa hiyo "wewe hujachangia bado?" humfanya kila msomaji kuwa mdaiwa, na lile neno "bado" ni kama muhuri juu ya hati ya deni. Hata "umeshachangia?", ambalo wengi hulidhania kuwa la upole, lina hukumu ileile iliyofichwa katika -sha-.

Kisha linafuata "Unangoja nini?" Swali hili lina jibu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Miongoni mwa wafuasi 300 wa mwanafunzi huyu hakosekani anayeishi na virusi vya Ukimwi na hajawaambia wenzake. Hakosekani aliyeugua homa ya ini, wala anayetumia dawa za kifafa, wala aliye mjamzito wa miezi 2 ambaye hata mama yake hajajua. Kila mmoja wao anajua barabara anachongoja, na hawezi kukisema. Akinyamaza ilhali wenzake wote wanajibu "nakuja kesho", kimya chake kinaanza kutazamwa. Ndani ya hema, muuguzi huuliza maswali ya afya faraghani, mtu mmoja mmoja, na fomu haionyeshwi mwingine. Utaratibu huo umewekwa kwa sababu nzuri: mtu aweze kusema kweli, au kuondoka bila kueleza. Swali moja la mzaha lililoandikwa chini ya picha huutoa uwanjani mazungumzo ambayo hema lilijengwa ili kuyaficha. Kwa maoni ya makala haya, maelezo ya picha ya mchangiaji yanaweza kuwa na kasoro nyingi zikasameheka, lakini swali linaloelekezwa kwa "wewe" lafaa liondolewe kabisa.

Zimebaki amri: jitokezeni, changieni, okoeni. Lugha hii ina historia yake Kenya. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, na tena wakati wa shambulio la Westgate mnamo Septemba 2013, wito wa namna hiyo ulitoka redioni na midomoni mwa watu, na Wakenya wakapanga foleni ndefu kuchangia. Amri ilikuwa mahali pake. Mtu anayezama hasemi "ukipata nafasi". Kasoro ni kwamba kauli ile ya dharura imebaki kuwa kauli ya pekee ambayo watu wanaijua kuhusu damu, kiasi kwamba inaandikwa siku ya Jumatano ya kawaida, jua limewaka, hakuna lililolipuka. Msomaji husikia king'ora, hutazama dirishani, haoni moto, na mara ya pili hatazami. Ilhali hospitali huhitaji damu hasa katika siku hizo za kawaida, kwa ajili ya kina mama wanaojifungua, watoto waliopungukiwa damu kwa malaria na majeruhi wa pikipiki. Na kwa kuwa chembe nyekundu hazikai zaidi ya wiki 6, foleni ya msiba mmoja haiwezi kuwekwa akiba ya mwaka. Anayeandika siku ya kawaida anahitaji sauti ya siku ya kawaida.

Mwanafunzi huyo, akiisha kuona kwamba rasimu ya kwanza inahubiri, angeweza kukimbilia upande wa pili, yaani mzaha. Rasimu ya pili inasoma: "Mumiani wamenikamata leo, wameninyonya hadi tone la mwisho!" Wenzake wa bwenini watacheka. Shangazi wa pwani huenda asicheke. Neno mumiani lina mizizi mirefu katika Afrika ya Mashariki. Katika enzi ya ukoloni zilienea habari za watu waliodaiwa kukamata raia usiku ili kuwatoa damu. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, kwa kudhaniwa kwamba ni watu wa gari jekundu la kuzima moto. Mwanahistoria Luise White alizichunguza simulizi hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na akazisoma kama namna ya wenyeji ya kuzungumzia utawala uliowachukulia mengi bila kuwaeleza. Simulizi hizo hazijafa zote. Wapo wazee ambao wakiliona gari la hospitali kijijini na mifuko ya damu ndani yake hukumbuka waliyosimuliwa utotoni, na wapo vijana wanaoamini kwamba damu inayochangwa huuzwa. Mzaha wa mumiani huwachekesha wasiokuwa na hofu na kuwathibitishia wenye nayo. Ni mzaha mzuri kwa meza ya chakula, mbaya kwa ubao wa wote.

Upo pia uongo wa wema. "Haiumi hata kidogo!" huandikwa na wengi. Sindano ya kuchangia damu ni nene kuliko ile ya kupimia malaria, na inauma kwa sekunde chache inapoingia. Baadhi ya wachangiaji, hasa wa mara ya kwanza, wenye hofu au waliokuja bila kula, husikia kizunguzungu, hutokwa jasho jembamba, na wachache huzimia. Kile kiti cha plastiki na ile soda havikuwekwa kwa ukarimu tu. Mchangiaji huambiwa apumzike dakika 10 hadi 15 na anywe kitu kwa sababu mwili unahitaji kurudisha majimaji uliyoyapoteza, na mtu akianguka, heri aangukie mbele ya muuguzi kuliko kwenye ngazi. Anayeambiwa kwamba haiumi, akaja, ikamuuma, hatarudi, na atamsimulia mwingine. Anayeambiwa kwamba inauma kidogo na kwa muda mfupi huja akiwa amejiandaa.

Kabla ya rasimu ya mwisho kuna suala la kitenzi. Wengi huandika "nimetoa damu". Si kosa, ila kitenzi hicho kina upweke na utata: hata kidonda hutoa damu, na aliyekwenda maabara kupimwa naye husema ametolewa damu. "Kuchangia" kimetokana na "kuchanga", kitendo cha watu wengi kuweka kila mmoja chake ili pawe na kitu kimoja, kama chama kinavyochanga au kama jamaa wanavyochanga karo. Anayesema amechangia ameshajiweka kati ya wengine, hajasimama juu yao. Kitenzi kimefanya kazi ya unyenyekevu peke yake. Inavutia pia kwamba Kiswahili kilikuwa na neno la damu kuchanganywa kwa hiari: kuchanjiana, ambako watu wawili walichanja ngozi wakawa ndugu. Waliochanjiana walijuana. Anayechangia damu hemani hatamjua kamwe aliyeipokea, na labda ndiyo sababu wachangiaji hupapia maneno makubwa: hakuna uso wa kumwambia "karibu", basi wanautafuta uso wa wafuasi.

Rasimu ya tatu, baada ya kupogolewa hivyo, ikawa hii:

"Nilidhani nitazimia. Iliyozima ni simu yangu, kwa hiyo picha hii ni ya simu ya jirani wa kitanda cha pili. Sindano iliuma kama siafu mmoja, kisha basi. Nimechangia mililita 450, nimepewa soda ya 500. Faida ni yangu. Wako kando ya ukumbi mkubwa hadi saa 10 jioni. Swali lao la kwanza: umekula?"

Ni maneno yasiyozidi 50, na kila kifungu kina kazi. Mchezo wa "kuzimia" na "kuzima" ni wa Kiswahili chenyewe. Haukuazimwa, na anayechekwa ni mwandishi na simu yake, hakuna mwingine. Humo ndani mna habari kwamba watu huogopa kuzimia na kwamba yeye hakuzimia, bila kuahidi kwamba hakuna anayezimia. Siafu mmoja ni kipimo cha maumivu ambacho kila aliyekulia mashambani anakijua hadi sekunde. Mililita 450 dhidi ya soda ya nusu lita huondoa ile picha ya ndoo ya damu ambayo watu huibeba kichwani. Mtu mzima ana takriban lita 5, na anayeiona chupa mkononi mwa msichana anaweza kukadiria mwenyewe. Neno "faida" linahitaji tahadhari, kwa kuwa uchangiaji huu hauna malipo na haupaswi kuonekana kuwa nayo, lakini hakuna anayedhania kwamba soda ni mshahara. (Kwamba wapo wanafunzi wanaopanga foleni kwa ajili ya soda, hilo linajulikana tangu zamani, na wauguzi hawajawahi kulalamika.)

Zaidi ya yote, hakuna "wewe" anayeshtakiwa. Mahali na saa vimetajwa, jambo ambalo rasimu ya kwanza, pamoja na amri zake zote, ililisahau kabisa: iliwaamuru watu wajitokeze bila kuwaambia wapi. Nalo agizo la muhimu kuliko yote, yaani kula kabla ya kwenda, limevishwa nguo ya taarifa. "Umekula?" ni swali la muuguzi, halimdai msomaji deni lolote. Angetaka kuongeza mwaliko, kiambishi -ki- kingemtosha: "ukipita upande huu, nipo hapa dakika 10 zaidi namalizia soda." Sharti la -ki- humwachia msomaji uhuru wa kutopita, wala asiulizwe kwa nini.

Picha nayo lazima ikubaliane na maneno. Maneno mepesi yakiwekwa chini ya picha ya mfuko uliojaa damu hupoteza wepesi wao, maana wapo wanaoona damu wakasikia kichefuchefu, na ndio hasa wanaohitaji kutiwa moyo. Pamba na plasta vinatosha. Mfuko na vijichupa vina lebo yenye namba, na kadi ya mchangiaji ina jina, havifai kuonekana. Kisha kuna kitanda cha nyuma. Aliyelala hapo hakuombwa ruhusa, na aliyeketi kwenye meza ya maswali akiinuka kwenda zake bila kulala kitandani asinaswe na kamera ya mtu mwingine. Hatua 3 pembeni, mgongo ukiwa kwenye ukuta wa hema, humaliza shida hiyo.

Baada ya hapo huanza majibu, na maelezo mazuri yanaweza kuharibiwa hapo. Mmoja atauliza kama mwili haudhoofiki. Jibu la kweli ni fupi: majimaji hurudi ndani ya siku 1 au 2, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchelewa zaidi, ndiyo maana wanaume huombwa wangoje miezi 3 na wanawake miezi 4 kabla ya kurudi. Mwingine ataandika, "Mimi sindano siziwezi." Hapo kishawishi cha kuhubiri hurudi kwa nguvu zote. Jibu la "Hata mimi nilifumba macho" linatosha, na likimleta, amejileta.

Na atakuwepo yule aliyesimama foleni saa nzima akarudishwa. Katika vituo vinavyotumia maji ya buluu ya salfeti ya shaba, kidole huchomwa na tone la damu hudondoshwa ndani ya maji hayo. Likizama upesi, himoglobini inatosha, likielea au likisitasita, mtu huambiwa ale mboga za majani, maharagwe na nyama, arudi siku nyingine. Wengi waliorudishwa hivyo huondoka kichwa chini, wasipige picha, kana kwamba wamefeli. Rafiki wa mwanafunzi huyu alikuwa mmoja wao. Akiamua mwenyewe kulisema, naye ana maelezo yake ya picha, na huenda ndiyo bora kuliko yote ya siku hiyo, maana anayeyasoma anajifunza kwamba kurudishwa ni jambo la kawaida na kwamba hemani hawachukui damu ya mtu ambaye haimtoshi. Picha ni ya kidole kimoja chenye plasta ndogo. Chini yake: "Tone langu limekataa kuzama. Nimeambiwa nikalifundishe kwa sukuma wiki. Soda wamenipa hata hivyo."